Jina, Mada, Mada, Jina: Namna ya Kuwaita Washiriki wa Shindano la Hotuba

Maneno ya Kamati ya Elimu kwa walimu na wanachama watakaosherehesha mashindano ya hotuba ya wanafunzi, Kasulu na Kibondo

Mkitusalimia Kiha asubuhi hii hatutamaliza kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo tunaomba salamu ndefu zingoje jioni.

Tumeombwa kusema juu ya jambo dogo. Wengi wenu mtashika kipaza sauti siku ya shindano na kuwaita watoto mmoja mmoja waje kuhutubia. Mjini mtu wa kazi hiyo anaitwa emsii, na watani wamelifasiri jina hilo kuwa Msema Chochote. Kwenye harusi inafaa. Kwenye shindano, mtu anayesema chochote anaweza kumnyima mtoto zawadi bila kujua. Tunalisema kwa sababu kamati hii ilifanya hivyo mwaka juzi.

Wengine mlikuwapo ukumbini. Washiriki walikuwa 6, wote wa kidato cha nne, na zawadi ilikuwa ileile tunayoichangia kila mwaka: godoro, tranka, sare na nauli ya kuanzia kidato cha tano. Mshiriki wa nne alikuwa binti. Mshereheshaji wetu, mtu mwema kabisa na mmoja wetu, alimfahamu. Akatueleza kwamba binti huyu ni yatima, anaishi na bibi yake, anatembea umbali mrefu kwenda shule, na juzi tu alikuwa amelazwa na malaria. Maelezo hayo yalichukua karibu dakika 3. Akina mama walifuta machozi. Binti akapanda, akahutubia vizuri, ukumbi ukasimama. Kisha mshereheshaji akatazama saa, akaona muda umekwenda, akasema: "Wa tano, njoo, tuna haraka." Kijana akapanda ukumbi ukiwa bado unamzungumzia binti. Mwisho wa siku binti alimzidi kwa alama 2.

Kwenye mkutano wa kutathmini, mama wa yule kijana alisimama nyuma kabisa. Hakufoka. Aliuliza tu: "Naomba kujua, mwanangu alishindwa na yule binti, au alishindwa na mzee mwenye kipaza?" Hatukuwa na jibu. Majaji walituambia hawakuyumbishwa na yale maneno, na pengine ni kweli, lakini hakuna awezaye kuthibitisha, hata wao wenyewe. Jambo la pili tulilijua baadaye, nalo lilituumiza zaidi. Yule binti hakuwa ameombwa ruhusa. Wiki ile sokoni watoto walimwita "yatima wa hotuba". Alikuja kushindana kwa maneno yake, sisi tukamtembeza na msiba wake.

Tangu hapo tumeuliza wenzetu wanavyofanya. Vipo vilabu vya kujifunza kuhutubia vinavyoitwa Tostimastazi, vilivyoanzishwa na Bwana Ralph Smedley huko Kalifonia mwaka 1924, na leo vipo sehemu nyingi za dunia. Wao wameendesha mashindano ya hotuba kwa miaka mingi, na kanuni yao ya kumwita mshiriki ni fupi kiasi cha kuchekesha. Msimamizi anasema jina la mshiriki, mada ya hotuba, mada tena, kisha jina tena. Basi. Hasemi anatoka wapi, amesoma nini wala mara ngapi ameshinda.

Tuseme mshiriki anaitwa Amosi na mada yake ni "Deni la Babu". Mshereheshaji anasimama, anasubiri ukumbi utulie, anasema: "Amosi. Deni la Babu. Deni la Babu. Amosi." Mara ya kwanza majaji wanaandika jina kwenye karatasi. Mada ikitajwa mara mbili, aliyekosa ya kwanza kwa sababu ya kikohozi cha jirani anapata ya pili. Jina linawekwa mwisho kwa sababu makofi hulipuka juu ya neno la mwisho, na tunataka yalipuke juu ya jina la mtoto. Naye akisikia jina lake mara ya pili anajua bila kuashiriwa kwamba sasa ndipo anapotembea. Yote hayo ni kama sekunde 10.

Tulipoileta kanuni hii mara ya kwanza, mwalimu mmoja alinung'unika kwamba inafanana na kuita mahudhurio. Ana haki, ukiisoma kama mahudhurio. Jina la kwanza lisemwe kwa sauti ya kawaida, mada ya kwanza polepole, mada ya pili kwa uzito zaidi, na jina la mwisho litolewe kwa sauti iliyopanda, kama mtu anayemwita ndugu yake upande wa pili wa bonde. Fanyeni mazoezi nyumbani. Jambo la kuangalia ni kwamba sauti ile uliyompandishia wa kwanza ndiyo utakayompandishia wa sita, hata kama koo limechoka.

Sasa tukae kidogo kwenye majina, maana hapo ndipo tunapokosea sana. Majina yetu mengi ya Kiha yanaanza na konsonanti mbili au tatu zilizobanana, na msemaji aliyekulia pwani huyavunja. Mengine yana maana nzito: mtoto amezaliwa baada ya msiba, au wakati wazazi wana ugomvi na jirani, na jina likabeba habari hiyo. Mshereheshaji anayejua Kiha anashawishika kulifasiri ili watu wacheke. Asifanye hivyo. Nusu saa kabla ya kuanza, mfuate kila mshiriki ukiwa na karatasi. Mwombe ataje mwenyewe jina analotaka kuitwa, liandike kama masikio yako yalivyolisikia, si kama lilivyo kwenye orodha ya shule, kisha mtamkie mpaka aseme "ndiyo, hivyo". Tumeona mtoto akipanda jukwaani na kutumia sentensi yake ya kwanza kusahihisha jina lake. Sentensi ya kwanza ni mali. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mada nayo isomwe kama mtoto alivyoiandika, neno kwa neno. Hiyo "Deni la Babu" hatukuitunga leo. Katika shindano moja la majaribio, kijana mmoja aliandika mada ya namna hiyo, na hotuba yake ilianza kama habari ya fedha zilizokopwa, kisha katikati wasikilizaji wakagundua kwamba deni lenyewe ni miti ambayo babu aliikata kilimani bila kupanda mingine. Ilikuwa hotuba nzuri. Ila mshereheshaji, kwa kutaka kusaidia, alikuwa ametangulia kusema: "Huyu atatuambia habari ya mazingira na kutunza miti." Kijana akapanda akiwa ameshachumiwa tunda lake. Kama mada haieleweki, iacheni isieleweke. Mwenye kuieleza yuko njiani kuja.

Baada ya kumwita, mpishe. Simama mpaka afike mahali pake, kisha ondoka kwa upande, usikatize kati yake na majaji. Akimaliza, maneno yako ni mawili tu: "Asante, Amosi." Usiseme "hiyo ndiyo hotuba!" Usiseme "jamani, mmesikia?" wala usihema kwa furaha kwenye kipaza. Ukimsifu mmoja lazima umsifu na mwenzake, na ukiwasifu wote kwa maneno yaleyale sifa zimekufa, na ukizitofautisha umekuwa jaji wa nne ambaye hana karatasi.

Kinachofuata ni dakika moja ya kimya, majaji waandike alama. Dakika moja kamili kwa saa, na mtunza muda ndiye anayeitangaza kwisha kwa kuinua kitambaa. Katika dakika hiyo mshereheshaji hasemi kitu. Tunajua ukumbi wenye wanafunzi mia kadhaa haunyamazi kwa kuombwa. Tulichogundua ni kwamba wananyamaza kama wamefundishwa kabla ya shindano, kwa mchezo: mkono wa mshereheshaji ukiwa juu, kimya; ukishuka, ruksa. Jaribuni mara 3 kabla ya mshiriki wa kwanza. Wanafunzi wa Kasulu wakishindana na wa Kibondo nani anyamaze zaidi, mtasikia nzi.

Hapa ndipo wengi hutuuliza: sasa furaha iko wapi? Watu wametoka mashambani, wamelipa nauli, tuwaketishe kama msibani? Furaha ipo, ila ina mahali pake. Kitambaa kikiinuliwa, kabla ya kumwita anayefuata, mshereheshaji anayo nusu dakika ya ukumbi. Ni ya ukumbi, si ya washiriki. Tumejaribu vitendawili na vimetufaa kuliko kitu kingine. "Kitendawili!" Ukumbi mzima: "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wanapiga kelele "yai!", wamecheka, wameamka, na hakuna mtoto aliyepandishwa wala kushushwa. Wazee wanajua na vya Kiha vizuri zaidi kuliko sisi, waombeni. Ila mtege kimoja tu kila safari, na kabla ya kila mshiriki, pamoja na wa kwanza. Ukianza kutega kuanzia wa tatu, umewanyima wawili ukumbi ulioamka.

Makofi vilevile. Shuleni watoto wamefundishwa makofi ya mpangilio ya kila namna. Chagueni aina moja asubuhi, itumike kumpokea na kumsindikiza kila mshiriki. Watu wakisimama wenyewe kwa sababu hotuba imewagusa, hiyo ni haki yao na ya mtoto, usiizuie. Usiiombe tu.

Na utani wa Heru na Muhambwe? Tunaupenda, na brosha hii isingekuwa yetu bila huo. Kasulu watasema Kibondo wana asali tu, Kibondo watajibu wanalojibu. Utani huo uwekwe kwenye ufunguzi, kabla ya kura kupigwa, na uende pande zote mbili. Washiriki wakianza kupanda, mshereheshaji hana wilaya. Kwa sababu hiyohiyo hatutaji shule wakati wa kuwaita. Mtatuambia sare zinataja shule kabla yetu, na ni kweli, hatuwezi kuwavua watoto sare. Tulichofanya ni kutafuta majaji wasio na mtoto wala ajira katika shule zinazoshiriki. Tulifikiri kuwachukua Buhigwe na Kakonko, mtu mmoja akatukumbusha kwamba mpaka mwaka 2012 Buhigwe ilikuwa Kasulu na Kakonko ilikuwa Kibondo. Tukachukua mmoja mmoja kutoka kila upande, na jaji mkuu tukampata Ujiji. Hatusemi dawa imekamilika.

Mpangilio wa kupanda upigiwe kura, mbele ya walimu wa pande zote mbili, vikaratasi ndani ya kofia, kila mshiriki achukue chake kwa mkono wake. Lakini msidhani kura inamaliza mambo. Mwaka 1996 wachumi wawili, Flôres na Ginsburgh, walichapisha uchunguzi wao juu ya shindano kubwa la muziki la Malkia Elisabeth huko Ubelgiji, ambako mpangilio wa kupanda hupangwa kwa kura na majaji ni mabingwa. Waliona kwamba waliopiga mwanzoni walielekea kushika nafasi za chini. Kura inaondoa upendeleo wa mtu, haiondoi ubaya wa kuwa wa kwanza. Jaji anaogopa kutoa alama kubwa mapema, asije akakosa za kumpa aliye bora mbele.

Kwa hiyo tunaweka mzungumzaji wa majaribio. Mwalimu au mwanachama mmoja anahutubia dakika 3 kabla ya shindano, anaitwa kwa kanuni ileile ya jina na mada, majaji wanampa alama kana kwamba anashindana, kisha wanalinganisha karatasi zao pembeni na kuzichana. Majaji wamepata kipimo, mtunza muda amejaribu kadi zake, kipaza sauti kimejulikana kama kinakoroma, na mtoto wa kwanza anaukuta ukumbi umeshapashwa moto. Mwaka jana mwanachama wetu aliyejitolea alihutubia juu ya mawese na migebuka, akapata alama za chini sana, na mpaka leo anadai alionewa.

Muda tunaupima kwa kadi tatu, maana taa za kutegemea umeme zilishatuaibisha. Hotuba ni dakika 3 hadi 5. Kadi ya kijani inainuliwa dakika ya 3, ya njano dakika ya 4, nyekundu dakika ya 5, na inabaki juu. Akipita dakika 5 na nusu, au akimaliza kabla ya dakika 2 na nusu, hawezi kushinda. Mshereheshaji asome sharti hilo mara moja, mbele ya wote, kabla ya kuanza, wala asimkumbushe mtu mmoja mmoja. Tumeshasikia "Karibu, na wewe angalia muda" likisemwa kwa mtoto mmoja tu kati ya sita. Mtoto yule alikimbiza maneno yake kama anayewahi basi.

Kuhusu mvua: mabati yetu mnayafahamu. Mvua ikianza katikati ya hotuba, mtunza muda anasimamisha saa, mshereheshaji anapanda na kumwambia mshiriki akae kwenye kiti kilicho jukwaani, si arudi kwa wenzake. Ikipungua, mwiteni upya kwa kanuni ileile na aanze mwanzo akitaka, au alipoishia. Achague yeye. Majaji waambiwe kwa sauti kwamba uamuzi huo si kosa la mshiriki.

Sasa mtauliza, tusiijue kabisa historia ya watoto hawa? Wanachama wanaotoa fedha wanapenda kujua wanamsaidia nani, na ni haki yao. Mtaijua, baada ya mshiriki wa mwisho kuhutubia na karatasi za majaji zote kukusanywa na kutoka nje ya ukumbi. Hapo, wakati wahesabu wanahesabu, mshereheshaji anawaita wote jukwaani kwa mpangilio uleule, anampa kila mmoja cheti chake cha kushiriki, na anamwuliza maswali mawili. Maswali ni yaleyale kwa wote, na wameyajua tangu asubuhi ili asiye tayari kujibu aseme mapema. Mwaka jana yalikuwa: unatoka wapi, na nani alikusikiliza ulipokuwa ukifanya mazoezi? Tuliweka nusu dakika kwa kila mmoja, na ilikuwa sehemu iliyochangamka kuliko zote. Binti mmoja alisema alikuwa akiwahutubia mbuzi, nao walikuwa wakiondoka kabla ya kadi ya njano. Mwingine alisema baba yake, ambaye hasikii, alikuwa akimtazama midomo na kumwambia kama anasema haraka mno. Habari hiyo ilitoka kinywani mwake mwenyewe, kwa hiari yake, na alama zikiwa zimeshaandikwa. Ukumbi ulinyamaza bila mkono wowote kuinuliwa.

Mwalimu mmoja ametuuliza nje hapo: je, mshereheshaji akiteleza, akasema neno lisilofaa juu ya mshiriki, afanye nini? Asilisahihishe kwa kipaza, maana atalirudia. Atulie, amalize kwa jina. Jaji mkuu ndiye atakayewaambia majaji wenzake, katika ile dakika ya kimya, kwamba neno lile lisihesabiwe. Baada ya shindano kamati itamwona mzazi wa mtoto husika kabla mzazi hajatutafuta sisi. Kwa yule mama wa mwaka juzi tulikwenda tumechelewa, miezi miwili baadaye. Alitupokea, akatupa uji, akasikiliza. Kijana wake alikuwa ameshaondoka kwenda shule, kwa nauli aliyokopa mjomba.

Mazoezi ya washereheshaji yatafanyika siku moja kabla ya shindano, alasiri, katika ukumbi uleule. Kila mmoja aje na saa yenye mshale wa sekunde na vitendawili saba. Sita vya washiriki, na kimoja cha mzungumzaji wa majaribio.